Jicho kabla ya mgongo: namna ya kutumia picha kumpima mfanyakazi wa kiwandani anayenyanyua mizigo

Bango la kunyanyua mizigo wengi wetu tunalijua. Upande mmoja kuna mtu aliyeinama, mgongo umepinda, mikono imeshika boksi lililo sakafuni, na juu yake pamepigwa alama nyekundu ya X. Upande wa pili mtu huyo huyo amechuchumaa, mgongo umenyooka, boksi liko karibu na kifua, na pembeni pana alama ya vema ya kijani. Mfanyakazi mpya anaonyeshwa bango, anaulizwa mkao upi ni sahihi, ananyooshea kidole ule wa kijani, anasaini fomu, kisha anapelekwa kwenye kituo chake cha kazi.

Mafunzo ya aina hiyo yamechunguzwa sana, na matokeo ya tafiti yalipokusanywa na kupimwa kwa pamoja hayakuyapendelea. Kumfundisha mtu mkao wa kunyanyua peke yake, bila kugusa mazingira anayonyanyulia, hakupunguzi maumivu ya mgongo. Ukisimama kiwandani kwa nusu saa tu utaona ni kwa nini. Mfanyakazi anafika kituoni akikumbuka bango vizuri kabisa, lakini anakuta paleti imelazwa sakafuni, katoni anayoitaka iko safu ya pili kwa ndani, na mkanda wa kusafirishia uko ubavuni mwake. Katoni ni pana kuliko nafasi iliyo kati ya magoti yake, kwa hiyo akichuchumaa magoti yanalisukuma boksi mbele zaidi, mbali na kiuno. Tena kuchuchumaa na kuinuka mara kwa mara kunachosha mapaja upesi, na mapaja yakichoka mwili unarudia kuinama wenyewe, hata kama kichwa bado kinalikumbuka bango.

Kwa hiyo ninayeandaa moduli ya mafunzo kwa picha nina swali moja la kujiuliza kabla ya kushika kamera: ninataka kupima nini? Nikipima kumbukumbu ya mkao, nitapata alama nzuri na migongo ile ile inayouma. Kinachofaa kupimwa ni jicho, yaani uwezo wa mtu kuutazama mzigo ukiwa bado umelala mahali pake na kutambua kinachoufanya uwe hatari, na ni badiliko gani lingesaidia zaidi. Vihatarishi vya unyanyuaji karibu vyote huonekana kabla mkono haujagusa mzigo.

Picha moja, hesabu moja

Tuchukue picha moja na kuifanyia kazi hadi mwisho. Mwanamume amesimama kando ya paleti iliyolazwa sakafuni. Paleti ina katoni za kilo 18 zisizo na vishikio. Anayoifikia iko chini kabisa, safu ya pili kutoka ukingoni, kwa hiyo viganja vyake viko kama sentimita 20 kutoka sakafuni na sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu. Mkanda anaopakia una kimo cha sentimita 80. Miguu yake imeelekea mkanda badala ya paleti, hivyo anaiokota katoni kiwiliwili kikiwa kimegeuka kama digrii 45. Anapakia katoni moja kila dakika, zamu nzima.

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni ya kukadiria uzito unaofaa kunyanyuliwa katika hali kama hii. Kanuni hiyo iliboreshwa mwaka 1991 na inatumika viwandani kote duniani. Inaanza na kilo 23, ambazo ndizo kikomo hali zote zinapokuwa nzuri: mzigo uko karibu na mwili, katika kimo cha kiuno, mbele ya mtu, wenye mshiko mzuri, na haunyanyuliwi mara nyingi. Kila hali inapoharibika, kilo hizo 23 huzidishwa kwa namba iliyo chini ya moja, na kikomo kinashuka.

Kinachokata zaidi katika picha yetu ni umbali. Kanuni inachukua 25 na kuigawa kwa umbali wa viganja kutoka vifundo vya miguu kwa sentimita. Hapa ni 25 kwa 50, yaani 0.5. Kabla hatujatazama jambo jingine lolote, nusu ya kikomo imeshaondoka, kwa sababu tu katoni iko safu ya pili. Kuinama hadi sentimita 20 kunazidisha kwa 0.84. Safari ya sentimita 60 kwenda juu ni 0.9. Kujigeuza ni 0.86. Katoni moja kwa dakika zamu nzima ni 0.75, na kukosa vishikio ni 0.95. Ukizidisha zote unapata kikomo cha kilo 5.2 hivi. Katoni ni ya kilo 18, karibu mara tatu na nusu ya kikomo hicho.

Nguvu ya umbali inaeleweka ukiukumbuka mzigo unavyokaa mwilini. Ndoo ya maji iliyo ubavuni unaibeba, lakini jaribu kuishika mkono ukiwa umenyooka mbele. Misuli inayonyoosha mgongo imejishikiza takriban sentimita 5 tu nyuma ya katikati ya pingili za kiuno. Mzigo wa kilo 18 ulio sentimita 50 mbele ya pingili hizo unailazimisha misuli kuvuta kwa nguvu mara kumi ya uzito wake, kama kilo 180, ili tu kuusawazisha. Hapo hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe kilichoinama. Mvuto huo wote unazigandamiza diski zilizo kati ya pingili, na hurudiwa kila dakika.

Sasa tazama kitu ambacho bango halisemi. Katika kanuni nzima hakuna mahali palipoandikwa magoti. Magoti yana kazi yake pale tu yanapousaidia mzigo kukaribia mwili, kwa mfano boksi dogo linaloweza kupita katikati yake. Kwa katoni yetu pana hayasaidii.

Tubadilishe jambo moja moja kwenye picha ile ile. Mtu akielekeza miguu yake kwenye katoni kabla ya kuishika, mgeuko unaisha na kikomo kinapanda kutoka kilo 5.2 hadi kama 6.1. Paleti ikiinuliwa mpaka viganja vifikie sentimita 75, mgeuko ukibaki, kikomo ni kama 7.4. Katoni ikisogezwa ukingoni au paleti ikizungushwa ili viganja viwe sentimita 30 tu mbele ya vifundo, mengine yakibaki yalivyo, kikomo ni kama 8.7. Kwa hiyo katika hali hii kusogeza mzigo karibu kunashinda kuinua paleti, na kuinua paleti kunashinda kugeuza miguu. Yote matatu yakifanyika kwa pamoja kikomo kinafika kilo 14 na ushee.

Na hata hapo katoni ya kilo 18 bado imezidi. Hili ni muhimu kulikubali waziwazi mbele ya wafanyakazi, maana wao wanalijua tayari kwa viungo vyao. Kituo kikiwa kimepangwa vizuri kiasi hicho, bado inabidi ama katoni ipunguzwe uzito ifike kilo 14, ama mtu asifanye kazi hiyo zaidi ya saa moja mfululizo kabla ya kubadilishana na mwenzake na kwenda kwenye kazi nyepesi. Katika kipindi kifupi kama hicho kikomo hupanda hadi kilo 18, na katoni inakaa sawasawa na kikomo. Uamuzi huo si wa mnyanyuaji, ni wa anayepanga kazi. Moduli isiyosema hivyo inamtwika mfanyakazi kosa la mpangilio.

Swali linalotokana na hesabu hiyo

Baada ya hesabu, mtunga swali anajua mpangilio sahihi wa majibu, na hapo picha inaanza kuwa kipimo. Mfanyakazi anaonyeshwa picha kubwa ya hali niliyoieleza. Chini yake kuna picha nne ndogo za mtu yule yule: katika ya kwanza amevaa mkanda mpana wa kiunoni, katika ya pili amekunja magoti lakini katoni iko pale pale safu ya pili, katika ya tatu paleti imezungushwa na katoni iko ukingoni karibu naye, na katika ya nne paleti imewekwa juu ya jukwaa. Mkufunzi anauliza kwa mdomo: badiliko lipi kati ya haya litaupunguzia mgongo mzigo zaidi kuliko mengine?

Kila jibu lisilo sahihi linakuambia kitu. Anayechagua magoti anakumbuka bango. Anayechagua mkanda wa kiunoni anaamini vifaa kinga, na hapo unajua la kumweleza, kwamba mwaka 1994 NIOSH hiyo hiyo ilichunguza mikanda hiyo na kuhitimisha kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza kwa wafanyakazi ambao hawajaumia kama kinga ya mgongo. Anayechagua jukwaa ameona kimo lakini hajaona umbali, na yuko karibu na ukweli. Mimi siwezi kumpa sifuri mtu huyo. Nampa alama ya kati, kisha namwonyesha picha ya tatu na ya nne pamoja aeleze tofauti anayoiona.

Jihadhari na picha jozi, ile ya vibaya na ile ya vizuri, kwa sababu ndiyo inayoharibika kirahisi zaidi. Mara nyingi aliye kwenye picha mbaya amevaa ovaroli iliyochakaa na sakafu nyuma yake ni chafu, na aliye kwenye picha nzuri ana helmeti mpya na mwanga umemwangukia vizuri. Mtu anapatia bila hata kuutazama mzigo. Jozi inapima pale tu picha mbili zinapotofautiana kwa kitu kimoja: mtu yule yule, nguo zile zile, mwanga ule ule, paleti ile ile, na kilichobadilika ni nafasi ya katoni pekee.

Alama zenyewe za X na vema nazo si za kuaminiwa hivi hivi. Kuna watu wanaosoma X kama alama ya mahali, weka hapa au simama hapa, na kuna wanaokumbuka mchoro na kusahau alama. Mfululizo wa picha tatu unaweza kusomwa kuanzia kulia au kutoka chini na mtu ambaye hakuzoea kusoma kurasa, na maana ikageuka nyuma mbele: badala ya kuondoa kizuizi kisha kubeba, anaona kubeba kisha kuweka kizuizi. Ndiyo maana picha hujaribiwa kwa watu kabla ya kuwajaribu watu kwa picha. Unachukua wafanyakazi ambao hawajahudhuria mafunzo, unamwonyesha kila mmoja peke yake, unauliza maswali mawili tu: hapa kunatokea nini, na wewe ungefanya nini? Huwapi majibu ya kuchagua. Kiwango cha Marekani cha alama za usalama, ANSI Z535.3, kinadai angalau asilimia 85 ya wanaoulizwa waielewe alama, na wanaoielewa kinyume kwa namna ya hatari wasizidi asilimia 5. Ukitumia kipimo hicho kwa watu 20, ni 17 waliopatia na si zaidi ya mmoja aliyeigeuza. Huyo mmoja wa kuigeuza ni wa kuogopwa kuliko wawili waliosema hawajui, maana asiyejua atauliza, lakini aliyeelewa kinyume atatenda.

Kamera isimame wapi

Nimeona picha nyingi za mafunzo zilizopigwa kutoka mbele, mtu akiitazama kamera. Kwa unyanyuaji, picha hiyo haina kazi, kwa sababu umbali kati ya vifundo vya miguu na viganja umefichwa nyuma ya katoni. Kamera iwe ubavuni kabisa mwa mtu, kwa kimo cha kiuno chake, na irudi nyuma mita nne au tano kisha uvute picha kwa lenzi. Ukisogea karibu sana, kilicho mbele hukua na kilicho nyuma husinyaa, na umbali unadanganya. Miguu yote miwili ionekane hadi chini, na viganja visizibwe na mwili wala ukingo wa katoni. Kama kuna kujigeuza, ongeza picha ya pili kutoka juu, ukisimama kwenye ngazi imara au kwenye ghorofa ya ndani. Mgeuko wa kiwiliwili hauonekani vizuri kwa pembeni.

Kwa picha za kufundishia, bandika sakafuni utepe wenye alama kila sentimita 25 kuanzia kwenye vifundo vya mtu. Jicho linapata mizani yake pale pale: alama ya kwanza ni karibu, ya pili ni nusu ya kikomo. Kwenye picha za mtihani utepe unaondolewa, mtu akadirie mwenyewe.

Anayeigiza mkao mbaya aigize kwa katoni tupu iliyofungwa vizuri. Kumweka mtu ameinama na kilo 18 mikononi huku mpiga picha akitafuta mwanga ni kumuumiza kwa ajili ya somo la kutoumia. Aombwe ridhaa, uso wake usionekane, na asipigwe mtu akiwa kazini bila kujua. Picha ya kuvizia hugeuka ushahidi wa kosa, na wafanyakazi wakishahisi kwamba kamera inawatafuta wao, hakuna atakayekuonyesha tena namna kazi inavyofanywa kweli.

Na je, mchoro au picha halisi? Mchoro unafaa siku ya kwanza, kwa sababu mchoraji ameshaondoa kila kisichohusika na kinachobaki ni somo. Kwa sababu hiyo hiyo haufai kwa mtihani: aliyechora ameshakuonyesha hatari iko wapi kwa kuamua kuichora. Katika picha halisi kuna mabomba, vivuli, ndoo, watu wawili nyuma, nyaya, na katikati ya vyote hivyo ndipo hatari ilipo. Kazini iko hivyo hivyo.

Hatari inayojificha nyuma ya nyingine

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni rahisi kabisa. Mfanyakazi anapewa picha kubwa iliyochapishwa ya kituo cha kazi, anaambiwa: gusa kwa kidole kila kitu kinachoweza kumuumiza mtu hapa. Mkufunzi ana nakala yake ndogo, anaweka namba kila kidole kinapogusa: moja, mbili, tatu. Hakuna kuandika kwa mfanyakazi, na kwa hiyo asiyesoma na anayesoma wanapimwa kwa haki.

Mpangilio wa migusano unafundisha mengi. Ukiweka kwenye picha moja mafuta yaliyomwagika sakafuni na mtu anayeifikia katoni ya safu ya pili, kidole huenda kwenye mafuta kwanza. Hilo ni sawa, mafuta yanang'aa. Shida ni kinachofuata: wengi huishia hapo. Madaktari wanaosoma picha za eksirei wanaifahamu tabia hii vizuri, kwamba jicho likishapata kasoro moja linaridhika, na kasoro ya pili katika picha hiyo hiyo inapitwa. Kiwandani hatari ya kunyanyua ndiyo inayopitwa hivyo, kwa kuwa haing'ai, haitoi moshi wala sauti, na inafanana kabisa na kazi ya kawaida. Mtu anayeinama juu ya paleti haonekani kama hatari, anaonekana kama mtu anayefanya kazi.

Kwa hiyo picha za moduli zipangwe kwa jozi za namna hiyo makusudi, hatari ya kelele na hatari ya kimya pamoja. Utepe wa plastiki wa kufungia paleti uliokazwa unaoweza kuchapa uso unapokatwa, na nyuma yake katoni za juu zilizozidi kimo cha mabega. Foklifti inayokuja kwenye njia, na mbele yake mtu aliyebeba boksi refu linalomziba macho. Mkono wa ovaroli uliofunguka vifungo karibu na mahali mkanda unapoingia kwenye roli, na kando yake mapipa yaliyopangwa ili yafikiwe kwa kunyoosha mkono juu ya mkanda huo huo. Hilo la mwisho ndilo ningelipa muda mrefu zaidi darasani, kwa sababu hatari mbili pale zinazaana: mapipa yamewekwa mbali, ndiyo maana mkono unapita juu ya roli. Anayegusa kifungo tu atapendekeza ovaroli ifungwe. Anayegusa mapipa atapendekeza yahamishwe, na hatari zote mbili zitapungua kwa mara moja.

Baada ya mgusano wa mwisho, subiri kidogo bila kusema kitu, kisha uliza, kuna kingine? Uliza hivyo kila mara, hata kwenye picha isiyo na kingine, ili swali lenyewe lisiwe ishara.

Hapo tunafika kwenye kuhesabu alama. Mtu anayegusa kila kitu kwenye picha hapitwi na hatari hata moja, na kama unahesabu alizozipata tu, atakuwa wa kwanza darasani. Ndiyo maana lazima ziwepo picha za hali salama: paleti iko juu ya jukwaa, katoni ukingoni, njia nyeupe, mtu ameelekea mzigo wake. Tuseme mtihani una picha 12, nane zina hatari na nne ni salama. Mfanyakazi wa kwanza anagusa hatari katika zote nane, lakini pia anagusa kitu katika zote nne zilizo salama. Wa pili anapata sita kati ya nane, na nne salama anaziacha. Wa kwanza ana alama kubwa zaidi kwenye karatasi, ila hatofautishi chochote. Wa pili anaona, na unajua ni hatari zipi mbili zilizompita. Andika hesabu mbili bila kuzichanganya: alizozipata na alizozibuni.

Kama wengi wamepitwa na picha ile ile, usikimbilie kuwarudisha darasani. Iangalie picha kwanza. Huenda kiganja kimezibwa, au kivuli kimefunika sakafu. Picha iliyokosewa na karibu kila mtu inakuwa kosa la mpiga picha mara nyingi kuliko la wafanyakazi.

Kisichoonekana kwenye picha

Uzito hauonekani. Katoni mbili zinazofanana kabisa, moja ina kilo 6 na nyingine 18, na hakuna jicho litakalozitofautisha. Kwa hiyo picha yoyote ya unyanyuaji iwe na lebo ya kilo inayosomeka, na kama katoni za kiwandani hazina lebo ya uzito, hiyo yenyewe ni hatari ya kuguswa. Kazi ya vitendo ya kufundisha hapa ni fupi: kabla ya kuunyanyua mzigo usioujua, inamisha kona yake moja kwa mkono mmoja. Ikiinuka kwa shida, ondoka, tafuta toroli au mtu. Pipa lililojaa nusu lina tatizo lake la pekee, kwa sababu maji ya ndani yanahama wakati umeshalibeba na kukuvuta upande usioutarajia.

Kasi pia haionekani. Katoni moja kwa dakika na katoni tano kwa dakika ni picha ile ile, ingawa kwa zamu nzima kanuni inazidisha ya kwanza kwa 0.75 na ya pili kwa 0.35. Suluhisho ni kuchora saa ndogo pembeni na katoni kadhaa chini yake, na mchoro huo nao ujaribiwe kwa watu kama picha nyingine. Joto, kelele, mtetemo wa mashine na mvuke usio na rangi siwezi kuviweka kwenye picha kwa uaminifu. Vitu hivyo vifundishwe pale vilipo.

Ndiyo sababu sehemu ya mwisho ya moduli haifanyiki darasani. Mfanyakazi anasimama kwenye kituo chake mwenyewe kabla zamu haijaanza, mashine zimezimwa, na anafanya lile lile: ananyooshea kidole kila kinachoweza kumuumiza. Mkufunzi anashika futi na kupima vitu viwili tu, kimo cha viganja kutoka sakafuni mtu anapougusa mzigo wa mbali zaidi, na umbali wake kutoka vifundo vya miguu. Namba hizo mbili zinaandikwa kwenye kadi ya kituo pamoja na uzito wa lebo, na chini yake badiliko ambalo mfanyakazi mwenyewe amelipendekeza. Kadi inakwenda kwa msimamizi siku hiyo hiyo ikiwa na jina la mtu atakayejibu na tarehe ya kujibu. Mtu aliyefundishwa kuona hatari, akaitaja, kisha akaikuta pale pale mwezi unaofuata, hataitaja tena, na kwenye mtihani ujao atagusa anachodhani unataka kusikia.

Kipimo cha picha kirudiwe baada ya wiki kadhaa kwa picha ambazo hajawahi kuziona. Akirudishiwa zile zile atakuwa anakumbuka mahali kidole kilipogusa, hata ukizipindua kushoto kulia. Weka akiba kubwa kuliko unayohitaji, piga picha mpya kila kituo kinapobadilishwa, na ile ya zamani ya kituo hicho itoe kwenye mtihani. Unaweza kuitumia darasani kando ya mpya, utepe wa sentimita 25 ukiwa sakafuni katika zote mbili, na kuwaacha wanaofanya kazi pale waeleze wenyewe kilichohama.